Jicho, Uzi na Sakafu: Kanuni ya Alberti

Katika picha nyingi za makanisa ya Italia kabla ya karne ya 15, ukubwa wa mtu ulifuata daraja yake, wala haukufuata umbali wake. Bikira Maria akachorwa mkubwa kuliko malaika waliomzunguka, na nyuma yao ikapakwa dhahabu tupu, kwani muradi wa mchoraji ulikuwa kudhihirisha utukufu, si mahali.

Mpango huo ulibadilika Firenze, mji ambamo zilikutana elimu mbili: elimu ya nuru na macho, ambayo Ibnul-Haitham aliitungia kitabu katika karne ya 11, kikafasiriwa kwa Kilatini, na hesabu ya uwiano, waliyofundishwa watoto wa wafanyabiashara ili wajue kukadiria mapipa na kugawa faida. Mjenzi Brunelleschi akaidhihirisha njia ya kuchora umbali kwa picha ya jengo la ubatizo la mji ule, na mwaka 1435 Leon Battista Alberti akaiandikia kanuni.

Kwa kanuni hiyo, mchoraji hukadiria kimo cha mtu wa mbele kuwa dhiraa 3, akaugawa mstari wa chini kwa dhiraa hizo, kisha akaweka nukta moja katika usawa wa macho ya mtu huyo, na kila alama ya chini akaivutia mstari hadi kwenye nukta. Taabu ilikuwa mistari ya kukingama, ambayo wengine waliipunguza kwa theluthi kila safu, na Alberti akawakosoa, kwa sababu hawakujua jicho limesimama wapi. Yeye alichora umbo la pembeni: jicho likiwa juu kwa dhiraa 3 na mbali na picha kwa dhiraa 6, safu iliyo dhiraa 6 nyuma ya picha huangukia kimo cha dhiraa moja na nusu, ya dhiraa 12 huangukia dhiraa 2, na hata safu zikiongezwa vipi hazifiki 3. Ili kuhakiki, huvutwa mstari mmoja wa hanamu kupitia pembe za vigae. Ukipinda, hesabu ina kosa.

Mchoraji Masaccio alikwisha kuitumia elimu hiyo mnamo 1427 katika picha ya Utatu, kanisani Santa Maria Novella, ambapo mistari iliyochorwa kwa ncha ingali katika lipu, na nukta iko chini ya msalaba, karibu na kimo cha macho ya asimamaye pale, hata ukuta ukaonekana kana kwamba umefunguka chumba chenye kuba. Lakini Mungu Baba na Kristo hakuwachora kama waonwao kutoka chini, bali aliwaelekeza sawasawa na mtazamaji, ili heshima yao isipunguzwe na handasa.

Kanuni hii ni sahihi kwa jicho moja lililotulia mahali pamoja, nasi tuna macho mawili, na tunatembea. Kwa hiyo isihesabiwe kuwa ndiyo kuona kwenyewe, bali ni mkataba ambao kwao mahali pa mtazamaji pamekuwa kipimo cha kila kitu kilichomo pichani.