S Inayoachwa kwa Makusudi

Katibu wa kamati anaweza kuandika sentensi mbili hizi kwenye kumbukumbu za kikao cha Kiingereza. Ya kwanza: "The committee insisted that the treasurer sign every cheque." Ya pili: "The committee insisted that the treasurer signed every cheque." Zimetofautiana kwa herufi mbili tu mwishoni mwa kitenzi. Ya kwanza ni agizo: kamati imeshikilia kwamba kila hundi isainiwe na mweka hazina. Ya pili, kwa msomaji aliyezoea Kiingereza cha Marekani, ni ushahidi: kuna aliyesema baadhi ya hundi hazikusainiwa, na kamati ikasimama kidete kwamba mweka hazina alizisaini zote. Mkaguzi wa hesabu akizisoma atafanya kazi mbili tofauti. Kwa ya kwanza ataangalia kama agizo limetekelezwa tangu siku ya kikao. Kwa ya pili atadai hundi za zamani azikague moja moja.

Mwenye sikio la Kiswahili hana haja ya kushangaa kwamba jambo kubwa hivyo linabebwa na silabi. Sisi tunasema kamati ilisisitiza mweka hazina aende, au ilisisitiza kwamba alikwenda, na hakuna anayechanganyikiwa. Irabu e ya mwisho imemaliza kazi. Kinachonivutia kwa Kiingereza ni kwamba kazi hiyo hiyo hufanywa bila kuongeza kitu chochote. Alama ya agizo ni kile kilichoondolewa. Katika "I suggest that he go", sikio linangoja s ya nafsi ya tatu, "he goes", na s haiji. Kutokuja kwake ndiko kunakosema: sikusimulii safari yake, natoa shauri aende.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kiingereza cha kale, kile kilichoandikwa kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066, kilikuwa na viambishi vyake vya hali hii. Kwa kitenzi cha kuimba, mtu akieleza kwamba fulani huimba, kitenzi kiliishia na eth, "singeth" kwa tahajia ya baadaye. Akitaka fulani aimbe, kitenzi kilikuwa "singe". Ndiyo, e ya mwisho, sawa na yetu, ingawa lugha hizi mbili hazina udugu na hiyo ni bahati tu. Katika karne zilizofuata irabu za mwisho zisizotiwa mkazo zilidhoofika midomoni mwa watu, na kufikia mwaka 1500 e ile ilikuwa haisikiki tena. "Singe" ikawa "sing". Upande wa pili, eth ya nafsi ya tatu ilishindwa taratibu na s iliyotoka kaskazini mwa Uingereza. Kwa hiyo s tunayoiona leo imesimama upande wa habari, na upande wa agizo pamebaki pengo pale palipokuwa na irabu.

Lugha nyingine ingeliacha pengo hilo lizibwe na kusahauliwa. Kiingereza kililitunza, na kikalizungushia kanuni chache zinazolifanya lionekane hata pale ambapo s isingekuwapo kabisa. Hapa ndipo ufundi ulipo, na ndipo mwanafunzi anapopaswa kutulia.

Angalia kwanza wakati uliopita. Kwa kawaida, kitenzi kikuu cha Kiingereza kikirudi nyuma, cha pili hukifuata: "he says that she knows" huwa "he said that she knew". Baada ya "suggest", "insist" na "demand", kitenzi cha pili hakifuati. "I suggested that he go." Shauri lilitolewa jana, mwaka jana, au mwaka 1850, na "go" imesimama palepale. Kuna mantiki ndani yake: wakati shauri linatolewa, safari ilikuwa bado haijafanyika, na pengine haikufanyika kamwe. Kitenzi hakina tarehe kwa sababu tukio lenyewe halina tarehe.

Halafu angalia ukanushi, ambao kwangu ndio sehemu nzuri kuliko zote. Kiingereza cha leo hakiwezi kukanusha kitenzi cha kawaida bila kuita msaidizi: "he does not go", "he did not go". Hapa msaidizi haitwi. "I suggest that he not go." Neno "not" linakaa mbele ya kitenzi kitupu, peke yake, mahali ambapo katika sentensi nyingine lingeonekana limepotea njia. Faida yake ni kubwa. Ukisema "I insist that they go", s haihusiki, kwa kuwa nafsi ya tatu wingi haina s. Huwezi kujua kama unaagiza au unaeleza. Weka ukanushi na ukungu unatoweka: "I insist that they not go" ni katazo, "I insist that they do not go" kwa kawaida ni taarifa kwamba hawaendi. Sisi tuna "wasiende" na "hawaendi", kwa hiyo tunaielewa hamu ya kuzitenganisha.

Kitenzi "be" ndicho kinachojionyesha waziwazi kuliko vyote, kwa sababu maumbo yake ya habari hayafanani nacho hata kidogo. "The lawyers demand that she be released." Hakuna "is", hakuna "was". Na kwa kuwa "be" ndiyo inayojenga sentensi za kutendwa, lugha ya maazimio na mikataba imejaa umbo hili: fedha zirudishwe, mkutano uahirishwe, jina lifutwe.

Neno moja kuhusu "he". Katika "I suggest that he go", mtendaji anabaki "he", hawi "him". Hilo linaonyesha kwamba hii ni sentensi kamili yenye kiima chake, ingawa kitenzi chake kimevuliwa nguo. Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi kubwa ya Kiingereza iliyotolewa na Cambridge mwaka 2002, wanaeleza kwamba Kiingereza hakina tena umbo maalumu la kitenzi kwa kazi hii. "Go" ya "that he go" ni ileile ya kumwamrisha mtu, na ileile inayofuata "to". Kinachobadilika ni aina ya sentensi inayokizunguka. Mimi nakubaliana nao. Kiswahili kinatupa mfano wa karibu: vitenzi vyetu vya kukopa, kama saini, jibu na safiri, havichukui e ya mwisho. "Asaini" inatambulika kwa kuwa haina "na", "li" wala "ta" katikati. Tunasoma pengo, kama wao.

Vitenzi vitatu nilivyovitaja havina tabia moja. "Demand" hana utata: anayedai anataka jambo lifanyike, na hakuna njia ya kulitumia kutoa habari. "Suggest" na "insist" wana nyuso mbili. "Suggest" huweza kuwa kushauri, na huweza kuwa kuashiria: "The mud on his shoes suggests that he goes to the farm every morning." Hapo s ni lazima, kwa kuwa tope halimshauri mtu, linatuonyesha tu anakoenda. "Insist" ni hivyohivyo, kama kamati yetu ilivyokwisha kuonyesha. Kwa hiyo s iliyoachwa si pambo la wasomi. Kwa vitenzi hivi viwili ndiyo inayochagua maana.

Waingereza wenyewe, hata hivyo, waliliweka umbo hili kando kwa muda mrefu. H. W. Fowler, kwenye kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliiona hali hii ya kitenzi kuwa mahututi, isipokuwa katika matumizi machache. Kwa Mwingereza wa wakati ule njia ya kawaida ilikuwa kuongeza "should": "The committee insisted that the treasurer should sign every cheque." Ng'ambo ya Atlantiki Wamarekani walikuwa wameshika "sign" tupu, na hawakuiachia. Katika maandishi ya miaka ya 1960 yaliyokusanywa na wanaisimu pande zote mbili, Wamarekani walichagua kitenzi kitupu kwa wingi mkubwa, na Waingereza wakachagua "should" kwa wingi mkubwa vilevile. Tangu hapo Waingereza wamekuwa wakirudi polepole kwenye umbo tupu, hasa katika maandishi rasmi. Pia wana njia ya tatu ambayo Mmarekani huisikia vibaya: huandika "insisted that the treasurer signed" wakimaanisha agizo, na kumwachia msomaji aokoe maana kutokana na muktadha. Kwa kumbukumbu za kikao, huo ni uzembe.

Kuna pahali pamoja ambapo hata Uingereza haikuliacha umbo hili: bungeni. Hoja ya kusoma muswada mara ya pili husema "be now read a second time", na maneno hayo yalihamia Nairobi pamoja na kanuni za bunge. Anayesoma taarifa rasmi za Bunge la Kenya atayakuta, yakitamkwa na wabunge ambao pengine hawakuwahi kufundishwa jina la umbo hili shuleni, na wasiolikosea hata siku moja.

Makosa yetu huwa kwingine. La kwanza ni "I suggest him to go". Limejengwa kwa kuiga "I want him to go" na "I told him to go", ambazo ni sahihi. Lakini "suggest", "insist" na "demand" hawapokei mtu kisha "to". La pili ni kupeleka umbo hili kusikotakiwa. "I hope that he go" si Kiingereza cha leo, kwa sababu anayetumaini haagizi wala hashauri. Njia rahisi ya kujipima ni kuweka nafsi ya tatu umoja na kitenzi "be". Kama "that he be present" inakaa sawa, kitenzi kikuu ni cha agizo au shauri. Kama sikio linadai "is", ni cha habari, na s irudi mahali pake.

Ukiandika kwa Kiingereza, basi, "I suggest that he go" itapokelewa vizuri Washington, London na Nairobi. "Should go" itapita London na Nairobi, na Washington itasikika ya Kiingereza cha Uingereza. "Goes" iweke kwa ajili ya tope kwenye viatu.