Video ya wimbo ifasiri maneno, isiyatafsiri tu

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo aghalabu huchanganywa: kutafsiri na kufasiri. Anayetafsiri huyahamisha maneno. Anayefasiri hueleza maana aliyoiona ndani yake. Video nyingi za nyimbo zetu hutafsiri tu. Mwimbaji akitaja machozi, tunaonyeshwa shavu lililolowa. Akitaja mvua, mwavuli unafunguliwa. Mtazamaji anaambiwa jambo lile lile mara mbili, nayo sitiari inageuka kitu cha kawaida mbele ya kamera.

Kwa maoni yangu, tatizo hili huanzia kwenye mswada wa dhana, yaani ule ukurasa mmoja au miwili unaoeleza kisa cha video kabla ya picha zozote kupangwa. Wengi huuandika kwa kupitia wimbo mstari baada ya mstari wakitafutia kila nomino picha yake. Mimi ningeanza na sarufi.

Chukua "Malaika", wimbo uliovumishwa na Fadhili William miaka ya 1960. Nafsineni anampenda msichana na angetaka kumwoa, ila hana mali. Kauli hiyo ya kutaka kuoa inarudi tena na tena, na kila mara imebebwa na kiambishi -nge-. Wanasarufi hutufundisha kwamba -nge- huacha mlango wazi kidogo: jambo halijawa, lakini huenda likawa. -ngali- huufunga mlango huo. Kwa hivyo video inayoonyesha arusi ya ndotoni, shela na mabawa meupe, imeua -nge- hiyo. Imetupa kile ambacho wimbo wote unalilia kukosa.

Swali la pili ni hili: ukosefu wa mali una sura gani? Mfuko mtupu uliopinduliwa ni tafsiri. Ufasiri wangu ni mikono iliyojaa noti ambazo si zake mwenyewe. Basi mhusika wangu ni utingo wa matatu. Kutwa anashika pesa, na jioni zote zinakwenda kwa mwenye gari, yeye akabaki na ujira wake mdogo. Noti na sarafu ni lazima zionekane, hivyo abiria wa kulipa kwa simu hawatufai hapa.

Kisa chenyewe kina safari tatu. Katika safari ya kwanza msichana anapanda, anatoa nauli, utingo anaikataa kwa kutikisa kichwa. Jioni, wakati wa hesabu, tunamwona akiifidia kutoka kwa ujira wake. Safari ya pili, msichana hatoi tena nauli, amezoea. Utingo amevaa shati jipya, na hesabu ya jioni inazidi kumbana. Safari ya tatu, msichana anapanda na mwanamume. Anampa utingo noti na kumwonyesha vidole viwili: nauli ya watu wawili. Utingo anaipokea na kurudisha chenji. Hapo -nge- imekuwa -ngali-, na hakuna aliyetamka neno.

Zingatia kwamba kiini kinachorudiwa katika wimbo kimepata kitendo kinachorudiwa katika kisa, nacho ni kulipa nauli. Ila kila mara maana ya kitendo hicho inabadilika. Maneno yakijirudia na picha nazo zijirudie vile vile, video itakuwa imesimama pale pale.

Mwimbaji naye awekwe wapi? Mswada usipojibu, mwelekezi atamsimamisha juu ya jiwe mahali fulani akiimba, na kisa kitakatika kila anapotokea. Mimi ningemkalisha kiti cha nyuma awe abiria anayeshuhudia yote. Mdomo wake unaweza kuimba bila kuivunja hadithi. Bajeti nayo inapumua: gari moja, wahusika wakuu watatu pamoja na mwimbaji, na kituo kimoja.

Hata hivyo, ufasiri una mipaka. Kuna wanaokimbia tafsiri wakaishia kuandika filamu fupi isiyohusiana na wimbo. Mimi huupima mswada kwa njia mbili. Kwanza, nauondoa wimbo: je, kisa kinaeleweka kwa macho pekee? Kisipoeleweka, picha zinaegemea maneno. Pili, nauweka wimbo mwingine wa mapenzi mahali pake: je, kisa kinaukaa vizuri vile vile? Kikiukaa, basi hakikufasiri wimbo wowote. Kisa cha utingo kikiwekewa wimbo wa kusifu urembo, zile noti mkononi mwake zinakosa kazi. Zinapata kazi pale tu wimbo unapomlilia mtu asiye na mali.