Mmoja hajahesabiwa

Ujumbe wenyewe ni huu. Niliutuma Julai iliyopita kutoka Same kwenda Minnesota, Marekani, kwa rafiki yangu niliyekua naye, siku yake ya kuzaliwa:

"Manka, 40 imekufikia na bado unachagua maharage kwenye makande. Mimi Mpare nisiyetoa hata jero nimenunua bando kwa ajili yako, nitakudai mahakamani. Desemba mabasi yenu yalipita hapa stendi yote, nikawahesabu. Mmoja hajahesabiwa. Sufuria ya mama ipo. Maharage utakula wewe, mahindi nitamalizia mimi."

Ni mistari michache, lakini iliniharibikia mara moja kabla haijakaa sawa. Nauchambua pamoja na ule wa mwaka juzi uliokufa njiani, kwa sababu jumbe hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega ndipo kazi inapoonekana.

Kwanza utani. Rafiki yangu ni Mchaga aliyelelewa Upareni. Baba yake alikuja Same kwa biashara, akapanda hadi Mamba, milimani, akafungua duka. Wapare na Wachaga ni watani, na utani huo una vifaa vyake ambavyo kila mtu huku anavijua. Sisi Wapare tunaambiwa ni wabahili, wala makande, na wapenda kesi: Mpare huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Wao wanaambiwa wanapenda hela, na kwamba kila Desemba lazima wapande Moshi "kuhesabiwa". "Manka" si jina lake. Ni jina la Kichaga ambalo watani humbandika mwanamke yeyote wa Kichaga, na kuanza nalo ni kama kubisha hodi: unamjulisha kwamba anayeingia ni mtani, kwa hiyo yanayofuata asiyachukulie kwa uzito wa matusi.

Tazama pia nani anachapwa kwanza. Baada ya kumgusa kidogo kwenye makande, najigeukia mwenyewe: ubahili ni wangu, mahakama ni yangu. Mtani anayechapa upande mmoja tu amehama kwenye utani, amekuwa mtu wa kejeli. Na kuna mahali sikugusa kabisa. Mama yake alifariki naye hakuweza kuja kuzika kwa sababu makaratasi yake hayakuwa yamekamilika. Watani wa huku wana ruhusa ya kuchekesha hata msibani, lakini ruhusa hiyo ni ya aliyepo msibani, aliyebeba maji na kuni. Kwa simu, kutoka maili elfu kadhaa, huna.

Sasa ule ujumbe wa mwaka juzi. Utani wake ulikuwa huu huu, ila ulikuwa mfupi zaidi, bila sufuria, na mwishoni, mahali pa "mmoja hajahesabiwa", niliandika "Desemba hukurudi". Nilikuwa Mamba, mtandao wa data umegoma, nikautuma kwa meseji ya kawaida, nikaupamba na kimoyo chekundu. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Meseji ya kawaida hubeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Ukitia alama moja tu iliyo nje ya herufi za kawaida za simu, kama kile kimoyo, ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo na meseji moja inabaki na herufi 70. Ujumbe mrefu hukatwa vipande, na kila kipande hupoteza nafasi kidogo kwa ajili ya namba ya kuviunganisha, kwa hiyo zinabaki 67. Wangu ulikuwa na herufi kama 190. Bila kimoyo ungekwenda vipande viwili. Kwa kimoyo ukawa vitatu. Simu ya anayepokea inatakiwa ivishone, lakini vikivuka mipaka na mitandao tofauti, mara nyingine kila kimoja hufika kivyake. Kwake kilianza kufika cha mwisho. Yaani "hukurudi" ilimfikia peke yake, bila Manka, bila makande, bila Mpare na kesi zake.

Isitoshe, niliutuma saa sita usiku ya Same, nikidhani nimewahi kuliko wote. Kati ya Machi na Novemba sisi tunawatangulia watu wa Minnesota kwa saa nane. Miezi ya baridi yao, saa tisa. Usiku wangu wa manane ulikuwa saa kumi alasiri kwake, tena jana yake, anajiandaa kuingia kazini.

Alijibu: "Asante sana mpenzi, ubarikiwe." Ndivyo unavyojua umekosea. Hilo ni jibu la kumpa mwalimu wa kwaya. Mtu wa karibu akikujibu kwa adabu, kuna mahali umemuumiza.

Mwaka huu sikubadilisha mengi. Nilisubiri hadi saa mbili na dakika tano asubuhi, ambapo kwake siku ilikuwa imegeuka dakika tano zilizopita naye yuko mapumziko ya zamu ya usiku. Nilitumia bando, ujumbe ukafika mzima. Lakini kilichobeba mzigo ni silabi moja: -ku- ikawa -ja-.

"Hukurudi" ni jambo lililofungwa. Desemba ilikuja, ikapita, wewe hukuwemo. Hakuna cha kufanya sasa ila kujitetea. "Hajahesabiwa" inakanusha na papo hapo inaacha mlango wazi: halijatokea, ila lilikuwa la kutokea na linaweza kutokea. Tena sikusema "hujahesabiwa". Nikisema hivyo ninamnyooshea kidole. "Mmoja" ni mtu fulani katika hesabu, karani wa stendi anaripoti upungufu, na yeye ndiye anayejitambua. Hamu imevaa nguo za utani wa Wachaga na Desemba, kwa hiyo anaweza kucheka akitaka, na akitaka anaweza kunyamaza kidogo kwanza.

Silabi hiyo nayo ina mpaka wake. Ukiongeza "mpaka leo", yaani "mmoja hajahesabiwa mpaka leo", ule mlango unafungwa tena na lawama inarudi nzima. Nilikuwa nimeandika hivyo. Nilifuta.

Limebaki sufuria. Makande yetu ni mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja mpaka yalegee, na tulikuwa tukila sahani moja. Yeye alichagua maharage kwa vidole na mimi nikabaki na mahindi, mama akifoka kwamba huyu mtoto wa Kichaga atatuletea njaa. Mwanzoni mwa ujumbe maharage ni kichekesho: mtu mzima wa miaka 40 ana tabia za kitoto. Mwishoni maharage ni yale yale, ila yamegeuka kuwa nafasi yake kwenye sahani. Sikuandika kwamba nimemkumbuka. Neno hilo lingefanya kazi ambayo mahindi yalishaifanya, na huwa halifanyi vizuri hivyo. Ningeleta pia Shengena na ukungu wa Julai, rasimu ya kwanza ilikuwa navyo vyote viwili, lakini mlima ni wa kila mtu. Sahani ile ilikuwa ya watu wawili.

Jibu lilikuja saa mbili na dakika kumi na saba: "Mpare mchoyo wewe. Tunza risiti ya bando, nikirudi nitakulipa na riba yako."

Tusi limerudi, ndiyo dalili niliyokuwa naisubiri. Lakini neno "nikirudi" sikulitia mimi mdomoni mwake, na -ki- hiyo kwa Kiswahili inaweza kuwa "endapo" na inaweza kuwa "wakati". Sikumuuliza ni ipi. Nimeitunza risiti.