Neno "Hadi" katika Mapendekezo: Uhakiki wa Matumizi ya Utafiti wa Juba na Rumbek

Mwaka 2017 Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji na Taasisi ya Kimataifa ya Wanawake ya Chuo Kikuu cha George Washington zilichapisha ripoti kuhusu ukatili dhidi ya wanawake na wasichana nchini Sudan Kusini. Dodoso lake lilijazwa katika jiji la Juba, katika kambi za ulinzi wa raia jijini humo, na Rumbek. Ripoti ilieleza kuwa hadi asilimia 65 ya wanawake waliohojiwa walikuwa wamepata ukatili wa kimwili au wa kingono maishani mwao.

Neno "hadi" ndilo linalobeba mpaka wa data, na ndilo huanguka kwanza nukuu inapohama kutoka waraka mmoja hadi mwingine. Likianguka, asilimia 65 hugeuka kuwa kiwango cha taifa zima. Mshauri anayegawa bajeti ya majimbo kumi kwa kiwango hicho anakisia tu, kwa kuwa maeneo hayo hayakuteuliwa ili yawakilishe nchi.

Tokeo lenye nguvu zaidi ni kwamba mtendaji wa mara nyingi ni mume au mwenzi, ingawa vita ndivyo vilivyozoeleka kutajwa. Hapa pendekezo lina msingi: huduma kwa manusura zisiishie kwa waliodhuriwa na wenye silaha. Kitenzi "zisiishie" hakiahidi kwamba ukatili utapungua. Kinahusu nani ahudumiwe, na hilo data inalijua.

Tatizo huanza kwenye mahari. Tuseme mshauri anaandika: "Serikali iweke kikomo cha mahari ili kupunguza ukatili wa majumbani." Sentensi hiyo ina madai mawili yaliyofichwa: kwamba mahari ndiyo chanzo, na kwamba kikomo kitatekelezeka. Dodoso la wakati mmoja huonyesha mambo yanayoandamana. Halionyeshi lipi lilitangulia, wala halijapima sheria ambayo haijatungwa. Mahojiano ya kina yanaweza kueleza jinsi ng'ombe waliotolewa wanavyomzuia mke kurudi kwao, lakini hayatoi ukubwa wa athari. Sentensi inayostahimili ni hii: "Mahakama za kimila za Juba na Rumbek zishirikishwe katika jaribio dogo la kushughulikia marejesho ya mahari mke anapoomba talaka kwa sababu ya kipigo, na matokeo yapimwe kabla ya kutunga sheria." Ni ndefu, na waziri huenda asiipende, ila kila kipande chake kina mahali kilipotoka.

Kuna pia suala la anayeelekezwa. Kuanzia mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulianza kuzibadili kambi za ulinzi wa raia kuwa kambi za kawaida za wakimbizi wa ndani, na ulinzi ukakabidhiwa kwa serikali. Pendekezo lililowaelekea walinda amani langoni sasa linahitaji mwelekezwa mpya, yaani polisi wa Sudan Kusini, ambao dodoso la awali halikuwachunguza katika nafasi hiyo.