Karatasi Nne na Mifuko 12

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia kwamba daftari likiandikwa kwa kukisia hupotea pamoja na mali. Ninayemsifu hapa ni karani asiyeandika tarakimu kabla hajaishika karatasi, na akishaishika huiuliza jambo moja: wewe unashuhudia nini?

Duka la vifaa vya ujenzi limeagiza kwa mkopo mifuko 200 ya saruji, kila mmoja shilingi 16,000. Lori linafika na hati ya mzigo iliyoandikwa 200. Mtunza stoo anahesabu mifuko inaposhushwa, anakuta 12 imelowa na kuganda. Kabla ya kutia saini anaandika juu ya hati: "Imepokelewa 188, 12 imerudishwa, imelowa." Dereva naye anasaini nakala zote. Hati hiyo haina bei, kwa hiyo haigusi leja. Inaongeza mifuko 188 kwenye kadi ya stoo, basi.

Baada ya siku mbili inakuja ankara ya mifuko 200, shilingi 3,200,000. Karani mchanga angeikata kwa kalamu na kuandika 3,008,000. Hesabu yake ingekuwa sahihi na kazi yake mbovu, kwani nakala ya muuzaji ingebaki ikisema 3,200,000, na mwisho wa mwezi vitabu viwili vingegombana. Karani wetu anaiingiza ankara kama ilivyo: debiti manunuzi, krediti muuzaji. Kisha anampelekea muuzaji nakala ya hati ya mzigo, akidai hati ya kupunguza deni.

Hati hiyo inafika, imetaja namba ya ankara na kiasi cha shilingi 192,000. Sasa anaandika kwa kugeuza: debiti muuzaji, krediti bidhaa zilizorudishwa. Deni limeshuka hadi 3,008,000 bila tarakimu hata moja kufutwa. Atakayefungua leja miaka mitano baadaye ataona kilichodaiwa, kilichokataliwa na sababu yake.

Duka linapolipa kupitia benki, muuzaji anatoa risiti. Debiti muuzaji, krediti benki, na akaunti inasimama kwenye sifuri. Risiti inashuhudia kwamba fedha zimepokelewa. Haisemi saruji ilikuwa nzima. Anayeibakiza risiti peke yake na kutupa nyingine amebaki na shahidi mmoja kati ya wanne.

Karani anaandika ukurasa wa leja kwenye kila karatasi iliyoingia lejani, ili isiingizwe mara mbili, kisha anazibana zote nne pamoja. Mwakani muuzaji akidai tena zile shilingi 192,000, karani hatapandisha sauti. Atafungua faili na kumwonyesha saini ya dereva wake mwenyewe.