Chupa Ndani ya Sufuria

Mjini Bariadi, kuanzia pamba inapoanza kununuliwa mwezi Mei mpaka Agosti, pesa hutembea. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na mkulima akishalipwa, duka la vyombo hulijua hilo kabla ya benki. Watu hushuka kutoka Nkololo, Dutwa na Lagangabilili kununua vitu vya harusi, na kitu cha kwanza wanachouliza ni sufuria.

Katika duka moja la mtaa wa soko nimekaa msimu mzima nikimtazama mama mwenye duka akiondoa mzigo uliododa. Wateja wake humwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, nami nitamwita hivyo hivyo. Mzigo wenyewe ulikuwa chupa za chai, zile za lita moja. Alinunua 40 kwa shilingi 9,000 kila moja akitarajia kuuza 13,000. Miezi minane baadaye zilikuwa zimetoka nne. Watu walikuwa wanataka chupa kubwa ya kutosha wageni wa msiba na harusi, na hizi ndogo zikabaki juu ya rafu zikivuta vumbi. Chupa 36 kwa 9,000 ni shilingi 324,000 zilizolala.

Dawa anayoikimbilia kila mtu ni kushusha bei. Mayu aliijaribu kwa wiki tatu, akaandika 10,000 kwenye kipande cha boksi. Zilitoka mbili, na alipoona hivyo akakiondoa kile kipande. Kilichomkera zaidi ni mteja mmoja aliyerudi kuulizia chupa kubwa akisema, “Si za hapa ni elfu kumi?” Bei ikishaandikwa mbele ya watu, hiyo ndiyo inayokumbukwa. Wakati huo huo ndugu yake, aliyekuwa amechukua mbili kati ya zile nne za kwanza akauze kijijini, alishindwa na kuzirudisha. Hesabu ikabaki pale pale, 36.

Ndipo akaamua kuzifungia na sufuria. Seti ya sufuria alikuwa anainunua 28,000 na kuiuza 35,000, na ilikuwa inatoka bila kuitwa. Kabla ya kufika hapo alipitia kwanza vitu vyote vilivyododa dukani, na hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu kazi yake. Alikuwa na mabuti ya mvua pia, na vikombe vya plastiki vya rangi iliyopitwa na wakati. Mabuti aliyaacha. “Anayenunua sufuria ya bibi harusi hafikirii matope,” alisema. Mabuti yatasubiri Novemba, mvua ikianza na watu wakifuata majembe. Vikombe vilikuwa na bei ndogo mno, kiasi kwamba kazi ya kuvifunga ingekula faida yake. Chupa ya chai ndiyo iliyofaa, kwa sababu inakwenda nyumba ile ile inayokwenda sufuria, na inatumika asubuhi ile ile.

Halafu ikaja bei. Kwenye daftari lake kuna namba iliyokatwa kwa mstari, 43,000. Aliifikia hivi: sufuria 35,000, chupa 13,000, jumla 48,000, ampunguzie mteja 5,000 ili ashawishike. Alivinunua vyote viwili kwa 37,000, kwa hiyo akaona faida ya 6,000 na akataka kuanza. Usiku akarudi kwenye daftari. Sufuria peke yake ilikuwa inampa faida ya 7,000. Kwa fungu la 43,000 angetoa vitu viwili na kupata pungufu kuliko kutoa kimoja.

Tangu siku hiyo anatumia hesabu moja tu, na ni fupi. Toa bei ya kawaida ya kitu kinachotoka kutoka bei ya fungu. Kinachobaki ndiyo bei uliyouzia kile kilichododa. Arobaini na tatu elfu toa thelathini na tano elfu, inabaki 8,000. Chupa aliyoinunua 9,000 angeiuza 8,000 bila kujua. Punguzo linaonekana kama limegawanywa kwa vitu vyote viwili, lakini mteja aliyekuja kwa ajili ya sufuria angelipa 35,000 hata kama chupa isingekuwepo. Kwa hiyo punguzo lote linaangukia chupa.

Akaandika 45,000. Chupa hapo imeuzwa 10,000, bei ile ile iliyoshindikana kwenye kipande cha boksi. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna aliyeiona. Mteja anaona kwamba vitu vya 48,000 amevipata kwa 45,000. Chupa rafuni bado imeandikwa 13,000.

Nilimuuliza, je, kama hata 45,000 isingekubalika, angekataa kabisa kushuka chini ya 9,000? Akasema hapana, ila angejua anachokifanya. Alinieleza hivi. Akiiuza chupa kwa 8,500 amepoteza 500. Lakini zile 8,500 akiziingiza kwenye sufuria, ambazo humpa faida ya robo ya mtaji kila mzigo, zitamrudishia kama 2,100 mzigo mmoja ukiisha. Hasara ya 500 inalipwa na mzunguko mmoja. Hatari ni kupoteza huku ukidhani unapata, kama ile namba aliyoikata.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya mikono. Kila chupa aliifungua, akaitikisa karibu na sikio kusikia kama kioo cha ndani kimevunjika, kisha akaijaza maji ya moto usiku na kuyashika asubuhi. Tatu zilitoa maji baridi, akaziweka pembeni na hazikuingia kwenye fungu lolote. Sababu yake ni ya kibiashara kabisa: chupa mbovu iliyouzwa peke yake inarudishwa peke yake, lakini iliyouzwa na sufuria inarudi na jina baya la sufuria. Kwa sababu hiyo hiyo hafungi vyakula vilivyokaribia kuisha muda. Kilichopita tarehe hakiuzwi kwa namna yoyote, na kilichokaribia kinamtaka mnunuzi aambiwe wazi, jambo linaloua mvuto wa fungu.

Katika zile 33 nzima, kila aliyoifunga aliisimamisha ndani ya sufuria ndogo kabisa ya seti, akaibana kwa vipande vya boksi isicheze, kisha akafunga utepe kutoka chini ya sufuria kubwa mpaka juu na kuacha kitanzi cha kushikia. Mafungu aliyaweka mlangoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na mteja wa Nkololo anapanda bodaboda. Fungu lisilobebeka kwa mkono mmoja, anasema, mteja atalivunja papo hapo na kuuliza bei ya kimoja kimoja.

Na akiuliza, anajibiwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Siku moja mzee alishika fungu, akalipima kwa macho, akasema, “Mayu, mimi nataka sufuria tu. Chupa ninayo.”

“Chukua sufuria, baba. Bei yake ni ile ile, thelathini na tano.”

Akamshushia seti nyingine ambayo haikufungwa. Fungu hakuligusa. Kila wakati nusu ya sufuria zake zilikaa peke yake rafuni. Aliniambia kwamba baba yake alikuwa akisimulia uhaba wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mwenye sukari aliweza kukulazimisha uchukue na kitu usichokitaka, na watu walichukua kwa sababu hapakuwa na pengine. “Leo pengine papo,” alisema, akinyoosha kidole upande wa pili wa barabara. Mteja anayelazimishwa chupa anavuka barabara, na sufuria inakwenda naye.

Daftari lake lina safu tatu za vijistari: sufuria peke yake, fungu, chupa peke yake. Wiki mbili za kwanza alikuwa na 14, 9 na 0. Alizisoma hivi. Jumla ya sufuria ni 23, na kawaida yake kwa wiki mbili za msimu ni kama 22, kwa hiyo fungu halijamfukuza mtu. Mauzo ya hao wateja 23 yalikuwa 895,000, wastani wa karibu 38,900 kwa kila mmoja, wakati bila fungu kila mmoja angeacha 35,000. Kama safu ya kwanza na ya pili kwa pamoja zingeshuka, angejua bei kubwa ya mlangoni inatisha watu, na angelirudisha fungu ndani. Kama safu ya pili ingebaki tupu baada ya siku mbili za mnada, angejua amekosea kuoanisha, na hakuna punguzo linaloponya ndoa ya namna hiyo.

Ile sifuri ya safu ya tatu ndiyo aliyoitazama kwa muda mrefu zaidi. Mafungu yalipofika 20, muuzaji wa jumla aliyemletea mzigo kutoka Mwanza aliona utepe mlangoni, akamwambia chupa ndogo zimeanza kutembea, amletee katoni nyingine? Mwenye duka mwepesi angekubali. Chupa zilikuwa zikitoka kweli, kwa macho. Mayu alimwonyesha safu ya tatu. Hakuna hata mtu mmoja aliyeingia dukani kutafuta chupa ya lita moja. Zilizotoka ni sufuria, chupa zilipewa lifti tu. Ukinunua tena kitu kilichododa kwa sababu fungu limekwenda vizuri, msimu ujao utakuwa na mzigo ule ule umelala, na safari hii umeulalisha mwenyewe.

Msimu ulipofungwa, chupa 31 zilikuwa zimetoka ndani ya sufuria. Mbili nzima zilibaki. Moja yuko nayo dukani, ndiyo aliyonimiminia chai siku zote hizo. Zile tatu mbovu alizihesabu hasara ya 27,000 na kuziandika hivyo, bila kuzificha ndani ya faida nyingine. Kwa zile 31 alirudisha shilingi 310,000, na mzigo uliofuata kutoka Mwanza ulikuwa wa sufuria peke yake.