Aya Moja ya Feri

Pembeni mwa hadithi iliyotufikia kwenye meza ya uhariri, msomaji mwenzangu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Huyu hajawahi kupanda feri." Maneno manne tu, lakini ni hukumu nzito. Hayasemi kwamba hadithi ni mbovu, yanasema mwandishi ni mwongo. Kabla sijaiunga mkono hukumu hiyo niliirudia aya ya kwanza, ile iliyomkera mwenzangu. Mwandishi ameniruhusu niioneshe hapa bila jina lake.

"Alfajiri ile kivuko cha Likoni kilikuwa kimejaa pomoni. Mama alilipa nauli yetu. Alishika ndoo ya samaki kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alinishika mimi. Watu walikuwa wengi, kila mmoja na ndoto zake, matumaini yake na machungu yake. Injini ilinguruma. Mwanamume aliyebeba kuku watatu alimkanyaga Mama mguuni. Mama hakusema neno. Alihamisha ndoo hadi mkono wa pili, nami nikabaki sina cha kushika. Ng'ambo, jiji lilitutazama kwa jicho la huruma. Siku hiyo nilijua kwamba maskini hana mwenyewe."

Sentensi 10, maneno 76. Tuanze na vitu vyenyewe: ni vipi ni vya pale tu, na ni vipi vingekaa popote? Njia yangu ni rahisi. Naihamisha sentensi nione kama italalamika. Ile ya ndoto, matumaini na machungu ukiipeleka stendi ya basi, foleni ya hospitali au hata msibani, itakaa bila taabu. Kwa hiyo haijatuambia lolote kuhusu feri. Kuku watatu nao wanaonekana kama kitu mahususi kwa sababu wamehesabiwa, lakini hebu waondoe. Mama bado atakanyagwa, na hakuna kinachopungua. Kuku hao ni pambo.

Sasa iondoe ndoo. Hapo aya nzima inaanguka. Ndoo ndiyo inayoujaza mkono mmoja wa Mama, na ikihamishwa ndiyo inayomnyang'anya mtoto mkono wa pili. Kitu mahususi si lazima kiwe cha ajabu wala kihesabiwe. Kinatakiwa kifanye kazi, na ndoo hii inafanya kazi ya watu watatu.

Baada ya hapo niliisoma kwa sauti. Mdundo huwezi kuuhukumu kwa macho. Sentensi ya ndoto inabembeleza: zake, yake, yake. Sikio linaridhika, na likisharidhika akili haiulizi tena kama kuna kilichosemwa. Huo ni mdundo unaoficha utupu. Lakini teremka kidogo. "Mama hakusema neno" ni maneno matatu, kisha inafuata sentensi ya maneno 11 inayokwenda polepole hadi "kushika". Ukimya, halafu tendo, halafu upweke. Hapo pumzi inafuata tukio.

Tazama pia vitenzi. Karibu vyote vinatembea na -li-: alilipa, alishika, ilinguruma, alimkanyaga. Msimulizi wa Kiswahili kwa kawaida angefungua na -li- kisha aachie -ka- ivute matukio, moja likizaa jingine. Hapa kila tukio limesimama peke yake kama nguzo, na mwanzoni nilidhani ni ugumu wa mkono mchanga. Ila -ka- inatokea mara moja tu katika aya nzima: "nikabaki". Yaani tokeo pekee lililotamkwa kuwa limezaliwa na jingine ni la mtoto kuachwa. Je, alikusudia? Aya moja haitoshi kuniambia. Ninachoweza kusema ni kwamba inafanya kazi.

Sasa madai. Aya hii ina madai ya aina mbili, na kila moja linataka kipimo chake. "Maskini hana mwenyewe" ni dai kuhusu maisha, na swali langu ni kama aya imelilipia. Haijalilipia. Mtoto aliyeachiwa mkono hajagundua jambo kuhusu maskini wote. Amegundua jambo kuhusu mama yake, tena jambo dogo linalouma zaidi. Sentensi hiyo ya mwisho inamfunika mtoto kwa msemo wa watu wazima.

Dai la pili ni la ulimwengu wa nje: "Mama alilipa nauli yetu." Hapa ndipo kalamu nyekundu ilipokaza. Likoni, anayevuka kwa miguu halipi. Magari hulipa, watembeao hupita bure, na mtu wa Mombasa hahitaji kuambiwa hivyo. Basi, kosa lipo. Lakini kosa la ukweli linathibitisha nini? Linathibitisha kwamba sentensi hiyo ina kosa. Kutoka hapo hadi "hajawahi kupanda feri" kuna mkondo mpana wa kuvuka.

Nikaliacha kando nikaenda kwenye uteuzi wa maneno. "Injini ilinguruma" na "jicho la huruma" ni maneno ya dukani. Yeyote anaweza kuyachukua rafuni. Lililonisimamisha ni "kivuko". Wengi wanaovuka Likoni husema feri: tukutane feri, nimekwama feri. "Kivuko" utalisikia zaidi kwenye taarifa ya habari, kwa hiyo lenyewe halimtii mtu hatiani. Pengine msimulizi anapenda Kiswahili cha redio.

Lakini liweke "kivuko" kando ya "nauli". Kuna mahali ambapo maneno hayo mawili hukaa pamoja bila kugombana: Kigamboni, Dar es Salaam. Kule chombo huitwa kivuko, na abiria wa miguu hukata tiketi. Makosa mawili yanayoelekea upande mmoja si sawa na makosa mawili yaliyotawanyika. Mtu asiyejua feri kabisa angekosea ovyo. Huyu anaonekana kukosea kwa mpango, kana kwamba anakumbuka safari ya kweli ya maji mengine, kisha akaibandika jina la Likoni, labda kwa kudhani jarida la Kenya lingependa hivyo.

Narudia: labda. Ushahidi wangu ni maneno mawili. Huenda aliyakuta kwenye hadithi ya mtu mwingine. Huenda nauli ni ya matatu iliyowafikisha feri, na sentensi imekaa mahali pasipo pake. Maneno 76 yanaweza kunionesha sentensi inafanya nini; hayawezi kunionesha mtu amepita wapi.

Kwa hiyo kalamu nyekundu niliifuta, na kwa penseli nikaandika mambo ambayo aya yenyewe inaweza kuyabeba. Sentensi ya ndoto iondoke. Sentensi mbili za mwisho ziondoke pia, aya iishie kwenye "sina cha kushika". Kuhusu nauli niliuliza swali badala ya kutoa hukumu: "Hiki ni kivuko gani? Kama ni Kigamboni, kiache kiwe Kigamboni." Kisha chini nikaandika maoni yangu, ambayo hayajafika kwenye sifa wala kwenye lawama: mwandishi huyu ameona kitu kimoja kwa usahihi, na hajakiamini vya kutosha kukiacha peke yake. Isomwe hadi ukurasa wa tano ndipo tuamue.